Neno MWEMBE na hesabu ya mama mdogo

Likizo ndefu ya mwaka jana sikubaki Morogoro mjini kutafuta nafasi ya kujitolea. Nilipanda basi kupitia Matombo na Mvuha, nikaenda Kisaki kwa mama mdogo, ambaye ana butiki ndogo ya madera, vitenge na nguo za watoto. Siku ya tatu tu akaniambia jambo ambalo lilinifanya nifungue daftari. Alikuwa anataka kukopa shilingi 600,000 kwenye kikoba chao, riba asilimia kumi, kulipa ndani ya miezi mitatu. Pesa yote aagizie madera 50 kutoka Kariakoo. Nikamuuliza ana uhakika gani kama yatatoka. Akanionyesha simu. "Mwanangu, nikituma tu picha WhatsApp, watu wanakuja."

Sikubishana naye, maana ni kweli walikuwa wanakuja. Lakini ulikuwa msimu wa ufuta. Watu walikuwa wameuza, pesa ipo mkononi, na pesa ikiwa mkononi hata duka lisilotuma chochote linauza. Swali langu likawa dogo sana: kati ya hawa wanaokuja, wangapi wanaletwa na ujumbe, na wangapi wangekuja hata simu ingekuwa imezima? Makala haya ni namna tulivyolijibu swali hilo kwa wiki mbili, daftari moja na vocha za elfu saba. Ninaiandika kwa sababu najua wengi wetu hapa chuoni tunauza kitu kwenye simu, kuanzia marashi mpaka viatu, na wengi tunahesabu kama alivyokuwa anahesabu mama mdogo.

Kwanza jua ujumbe unafika kwa nani

Mama mdogo alikuwa na majina 231 kwenye orodha yake ya kutuma kwa pamoja, ile ambayo simu inaiita Broadcast list. Yeye aliamini akituma, watu 231 wanapata. Haiko hivyo. Orodha ya aina hii ina mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, orodha moja haipokei zaidi ya watu 256. La pili, na hili ndilo linalowaponyoka wengi, ujumbe unamfikia yule tu ambaye na yeye ameihifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi hapati kitu, na wewe huambiwi.

Kwa hiyo kabla ya kampeni tulituma ujumbe wa salamu tu, hauna bei wala picha, kisha tukasubiri siku tatu. Tulisubiri kwa sababu Kisaki si kila mtu ana bando kila siku, na wengine wanashinda shambani simu ikiwa imezimwa. Baada ya siku tatu nikaubonyeza ule ujumbe, nikafungua sehemu ya Message info, nikahesabu waliofikiwa. Walikuwa 150. Watu 81 waliobaki ama hawakuhifadhi namba ya duka, ama wamebadilisha laini. Alama mbili za bluu sikuzijali sana, kwa sababu mtu anaweza kuzima alama ya kusoma na bado akasoma kila kitu.

Hapo tayari tulikuwa tumejifunza kitu. Kama ungegawa mauzo kwa 231, ungepata jibu la uongo kabla hata hujaanza. Kampeni yetu ilikuwa ya watu 150.

Wanyamazishe wengine

Sasa ikaja sehemu ambayo mama mdogo aliikataa kwa nusu siku. Nilimwomba tusiwatumie wote. Tuyaandike majina 150 kwenye daftari kama yalivyo, kisha kila jina la tatu tuliweke pembeni. Hao 50 wasipate ujumbe wowote kwa wiki mbili. Wala asiweke picha kwenye status kwa muda huo, kwa sababu status wangeiona.

"Yaani nifukuze wateja 50 kwa makusudi?" aliniuliza.

Nikamjibu kwa mfano wa shamba. Ukitaka kujua kama mbolea inasaidia, unaacha tuta moja bila mbolea katika shamba lilelile. Mvua itakayonyesha inanyesha kwenye matuta yote. Wale 50 wa kimya wameuza ufuta uleule, wana gulio lilelile, na duka wanapita lilelile. Tofauti yao na wenzao ni ujumbe tu. Watakachonunua bila kuambiwa ndicho ambacho wenzao nao wangenunua bila kuambiwa. Alicheka, lakini alikubali.

Kuna sababu ya kuchukua kila jina la tatu badala ya kuchagua kwa macho. Mama mdogo angechagua mwenyewe, wateja wake wazuri wote wangeingia kwenye orodha ya kutumiwa, na wale wanaokuja mara moja kwa mwaka wangewekwa kwenye kimya. Ujumbe ungeonekana umefanya miujiza, kumbe kazi imefanywa na uchaguzi.

Neno linalosemeka

Wale 100 waliobaki tuliwagawa kwa makazi: 58 wa kijijini na 42 wa upande wa kituo cha reli ya TAZARA. Ofa ilikuwa moja: dera la shilingi 18,000 utalipata kwa 16,000 ukisema neno la siri. Wa kijijini tuliwapa neno MWEMBE, wa kituoni tukawapa NAZI.

Mwanzoni nilitaka kuonyesha usomi, nikatunga MK15 na ST15. Tulipojaribu kwa jirani, akafika kaunta akasema, "Nimekuja na ile... em nini sijui kumi na tano." Neno la kufuatilia linatakiwa likumbukwe na mtu aliyekatiza gulioni na mtoto mgongoni. Tunda linatosha.

Kwa nini maneno mawili wakati ofa ni moja? Ili tuone uvujaji. Mtu wa kijijini akija na NAZI, tunajua kuna aliyemtumia. Kwa wale wanaoagiza kwa simu badala ya kuja, tuliweka mwishoni mwa ujumbe kiungo ambacho ukikibonyeza kinafungua mazungumzo na duka, neno likiwa limeshaandikwa tayari:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=MWEMBE
```

Namba inaanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ukikosea hapo kiungo hakifunguki, na wewe utadhani watu hawakupendezwa.

Dukani tulifungua daftari lenye safu sita: tarehe, jina, namba ya simu, alichonunua, alicholipa, na neno alilosema. Sheria ilikuwa moja, na ndiyo iliyobeba kazi nzima: kila anayenunua dera anaandikwa, awe na neno au asiwe nalo. Ukiwaandika wenye neno peke yao, lile kundi la kimya linapotea, na bila kundi la kimya huna cha kulinganisha.

Simu za kufuatilia

Siku ya tatu daftari lilionyesha maajabu. Mchana mmoja watu watatu mfululizo walikuja na MWEMBE, hakuna hata mmoja ambaye namba yake ilikuwa kwenye orodha, na wote walikuwa na simu za kitochi ambazo hazina WhatsApp. Jioni niliwapigia. Wa kwanza alinieleza bila kuficha: dada wa dukani alimwambia, "Sema tu mwembe upunguziwe." Alifanya kwa roho nzuri, lakini alikuwa anatuharibia kipimo. Tuliwatoa watatu hao kwenye hesabu, na ile 6,000 ya punguzo lao tukaihesabu kama ada ya shule. Tukakubaliana kuanzia siku hiyo muuzaji hatauliza neno wala hatalitaja. Mteja asiposema mwenyewe, analipa bei ya kawaida.

Kazi ya simu haikuishia kukamata makosa. Baada ya wiki mbili niliwapigia wote waliotumia neno, na baadaye watu 20 waliopata ujumbe bila kununua. Nilipiga mimi, sio mama mdogo, kwa sababu hakuna mteja atakayemwambia mwenye duka usoni kwamba ujumbe wake haukumsaidia kitu. Nilipiga jioni, watu wakiwa wametoka shamba. Nilianza na shikamoo kwa waliostahili, nikajitambulisha, nikaomba dakika tatu.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: "Je, ujumbe wetu ndio uliokuleta?" Ukiuliza hivyo Mtanzania mstaarabu atakujibu ndiyo, ili usijisikie vibaya. Badala yake niliuliza, "Siku ile uliyokuja dukani, ulikuwa unatoka wapi?" Mtu akianza kusimulia siku yake, sababu inajitokeza yenyewe. Mama mmoja aliniambia alikuwa na shughuli ya mdogo wake Jumamosi, alishapanga kununua dera tangu wiki iliyopita, ile 2,000 ikawa bahati tu. Mwingine alisema hakuwa na mpango, aliona picha akiwa kwenye foleni ya kusaga, akapitia. Kwa swali la moja kwa moja hawa wawili wangetoa jibu moja. Kwa masimulizi wametofautiana kabisa.

Mwisho wa kila simu niliuliza kama mtu anapenda kuendelea kutumiwa. Hili si adabu tu. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake, sio mali ya duka. Wawili waliomba watolewe, tukawatoa.

Hesabu tatu za duka moja

Sasa twende kwenye namba. Madera yaliyouzwa kwa neno la siri yalikuwa 23, kila mtu moja. Gharama za kampeni zilikuwa bando 5,000, vocha za kupiga simu 7,000, na bodaboda ya kupeleka mizigo kituoni 8,000. Jumla 20,000.

Hesabu ya kwanza ni ya mama mdogo. Madera 23 mara 16,000 ni 368,000. Ametumia 20,000, amepata 368,000, kwa hiyo kila shilingi imerudi zaidi ya mara 18. Kwa hesabu hiyo mtu akikopa laki sita huwezi kumlaumu.

Hesabu ya pili inakumbuka kwamba dera halikuokotwa. Kariakoo alilinunua 11,000, nauli ya mzigo kwa kila dera ni kama 1,000, kwa hiyo limemgharimu 12,000. Akiuza 18,000 anapata 6,000, akiuza kwa neno la siri anapata 4,000. Mara 23 ni 92,000. Toa 20,000, inabaki 72,000. Kila shilingi imerudi na faida ya shilingi 3.6. Wanafunzi wengi wa biashara tungeishia hapa, tupewe alama zetu.

Hesabu ya tatu inawauliza wale 50 wa kimya. Katika wiki mbili hizo, watu sita kati yao walikuja wenyewe wakanunua dera kwa bei kamili. Sita kwa 50 ni sawa na 12 kwa 100. Maana yake ni kwamba katika wale 100 tuliowatumia ujumbe, tulitegemea kama 12 wangenunua hata tungekaa kimya.

Je, walionunua ni wangapi? Kati ya wale 23 wenye neno, 19 walikuwa kwenye orodha na wanne walitumiwa ujumbe na rafiki au ndugu. Tulipolinganisha namba za simu tukakuta wengine watatu wa orodha walinunua bila kusema neno, wamelipa 18,000. Kwa hiyo katika 100 walionunua ni 22. Ziada iliyoletwa na ujumbe si 23, ni 10.

Faida iliyopatikana kwa wale 100 ni 19 mara 4,000, jumlisha tatu mara 6,000, yaani 94,000. Faida ambayo ingepatikana kimyakimya ni 12 mara 6,000, yaani 72,000. Tofauti ni 22,000 tu. Wale wanne wa nje ya orodha hawana kundi la kimya la kuwalinganisha nalo, kwa hiyo hapo nilitegemea simu: watatu walisema hawakuwa na mpango, mmoja angenunua hata hivyo. Walileta 16,000, ukitoa 6,000 ya yule mmoja inabaki 10,000. Jumla ya faida ya ziada ni 32,000.

```
(faida ya ziada - gharama) / gharama
(32,000 - 20,000) / 20,000 = 0.6
```

Kutoka 18 tumeshuka hadi 3.6, halafu hadi senti 60 kwa kila shilingi. Duka ni lilelile na daftari ni lilelile. Kilichobadilika ni swali. Neno la siri linakuambia nani alikuja *na* ujumbe. Halikuambii nani alikuja *kwa sababu ya* ujumbe.

Pesa ilipotelea wapi? Ilipotelea kwenye punguzo. Zaidi ya nusu ya walionunua ni watu ambao wangelipa 18,000 bila kinyongo, na sisi tukawarudishia 2,000 mkononi. Punguzo halionekani kwenye gharama kwa sababu hakuna noti iliyotoka kwenye droo. Lakini ndilo lililokula faida kuliko bando, vocha na bodaboda.

Simu zilidanganya kidogo, na zilifundisha sana

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tuhangaike na kundi la kimya wakati tungewapigia watu na kuwauliza? Tulijaribu. Kati ya wale 19 wa orodha waliotumia neno niliwapata 17, na ni watano tu walionisimulia kwamba walishapanga kununua. Kundi la kimya linasema ni zaidi ya nusu. Sidhani kama walinidanganya. Mtu akishavaa dera lake, anakumbuka picha iliyomvutia na anasahau kwamba wiki moja kabla alikuwa analitamani tayari. Kwa swali la *ngapi*, amini kundi la kimya. Simu ziwe za swali la *kwa nini*.

Na kwa *kwa nini* simu zililipa vocha yake. Kati ya wale 20 wasionunua niliwapata 14. Watano hawakuwa na pesa au haja wiki ile, basi. Sita walisema hawakujua kama kuna saizi yao, na kutoka kituoni kuja dukani kubahatisha hawakuona sababu. Watatu ndio walionishangaza: waliona ujumbe, lakini picha hawakuifungua. Simu zao zimewekwa zisipakue picha zenyewe ili kuokoa bando. Kwao ofa yetu ilikuwa kiboksi cha ukungu chenye maandishi "sema MWEMBE". Kwenye Message info wote watatu wanahesabika wamefikiwa.

Duru ya pili

Mwezi wa tisa tulirudia kwa yale tuliyoyasikia. Tuliondoa punguzo. Ujumbe ukaanza na maneno kabla ya picha: rangi zipi zipo, saizi zipi, bei 18,000. Mwishoni: "Tuambie unalolitaka, tunakuwekea mpaka Jumamosi. Ukija sema PERA." Wa kituoni walipewa FENESI. Mtu alikuwa na sababu ya kulisema neno, kwa sababu ndilo lililoandikwa pamoja na jina lake kwenye karatasi iliyobanwa na pini juu ya dera. Tuliwazungusha pia: wale 50 wa kimya wakaingia kwenye kutumiwa, wengine 50 wakanyamazishwa. Wale wawili waliojitoa nafasi zao zilichukuliwa na wateja wapya waliohifadhi namba. Maneno yalibadilishwa kwa sababu ya zamani hayafi. Mteja mmoja alikuja mwezi huo na MWEMBE, na kama tungelitumia tena tungemhesabu mahali pasipo pake.

Msimu wa ufuta ulikuwa umepita na ilionekana. Kundi la kimya lilinunua madera manne, sawa na manane kwa 100. Waliotumiwa walinunua 14, wote kwa bei kamili. Ziada ni sita, mara 6,000 ni 36,000. Gharama zilishuka hadi 14,000. Faida halisi ni 22,000, yaani shilingi 1.57 kwa kila shilingi. Angalia kichekesho chake: duru ya kwanza waliotumia neno waliingiza 368,000 na kutuachia 12,000. Duru ya pili waliotumiwa ujumbe waliingiza 252,000 na kutuachia 22,000.

Usizibebe namba hizi kama msahafu

Watu 50 ni wachache. Chukua duru ya kwanza: kama katika kundi la kimya wangenunua saba badala ya sita, tungetegemea 14 kwa 100, na faida yetu ya 12,000 ingekuwa sifuri kamili. Wangenunua watano, ingekuwa 24,000. Mtu mmoja aliyeamua kupita dukani au kutopita anahamisha jibu lote. Kwa hiyo sisemi kampeni ya punguzo inaleta senti 60. Ninachosema ni kwamba haileti 18, wala haikaribii. Duru ya pili nayo ina ulegevu huohuo: kundi la kimya likinunua matano, faida inashuka hadi 10,000. Haiwi hasara, lakini ni ndogo kuliko inavyoonekana. Wala sijui ni kipi hasa kilichosaidia kati ya kuondoa punguzo, kutaja saizi na kumwekea mtu mzigo, kwa sababu tulibadilisha vyote kwa pamoja. Ukitaka kujua hilo, badilisha kimoja kila duru na uwe na subira.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hii hailioni. Mtu aliyepata ujumbe mwezi wa nane anaweza kununua mwezi wa kumi na moja. Wiki mbili ni dirisha dogo. Na wale wa kimya wanaishi na wenzao. Habari za bei zinatembea kisimani na kwenye mashine ya kusaga. Tulikuwa na sheria kwamba wa kimya akija na neno anapewa ofa, lakini anabaki kwenye safu ya kimya. Hakuja hata mmoja, ila ningeshangaa kama hawakusikia.

Mama mdogo hakukopa 600,000. Hesabu ya duru ya kwanza tuliifanya usiku, chini ya taa ya sola, na alipoona ile 12 kwa 100 alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo waliokuwa wananunua ni ufuta," alisema. Akakopa 240,000, akaagiza madera 20, saizi zile ambazo watu walizitaja kwenye simu. Mpaka narudi chuoni yalikuwa yamebaki matatu, na deni la kikoba lilikuwa limebaki rejesho moja. Madera 30 ambayo hakuyaagiza hayaonekani kwenye daftari lolote, lakini yangekuwa yanamsubiri kwenye kamba mwezi wa kumi na mbili, wakati pesa ya ufuta imekwisha na riba inadaiwa.

Daftari tumeliacha dukani. Safu ya neno la siri bado inajazwa, na kila duru kuna watu 50 wanaonyamazishwa kwa zamu. Majuzi alinipigia kuniuliza neno gani atumie safari hii, matunda yameanza kumwishia. Nikamwambia aanze mboga.